Kuikataa kazi bila kumkataa aliyekupa

Watu wengi hufundishwa kuandika barua ya kuomba kazi tangu wakiwa shuleni. Barua ya kuikataa kazi hawafundishwi, na siku inapohitajika wengi hukimbilia kunyamaza. Simu ya mwajiri inaita hawapokei, barua pepe inakaa bila kujibiwa, tarehe ya mwisho inapita. Wanaona kwamba kukaa kimya kuna adabu kuliko kumwandikia mtu neno "sipokei". Kwa mwajiri mambo ni kinyume kabisa, na sababu yake inaeleweka ukijua kinachoendelea upande wa pili.

Usaili ukimalizika, jopo halibaki na jina moja. Huwa kuna aliyeshika nafasi ya kwanza, wa pili, na mara nyingi wa tatu. Barua hupelekwa kwa wa kwanza, na wale wengine huachwa wakisubiri bila kuambiwa lolote, kwa sababu kampuni haitaki kuwapoteza kabla wa kwanza hajajibu. Kwa hiyo kila siku unayonyamaza kuna mtu mwingine mahali fulani anayetazama simu yake. Naye akipata kazi kwingine wakati huo, mwajiri atakuwa amepoteza watu wawili kwa sababu ya mmoja, na hapo ndipo jina lako linapoanza kusemwa vibaya. Katika utumishi wa umma Tanzania utaratibu huu uko wazi zaidi: waliofaulu usaili wa Sekretarieti ya Ajira lakini nafasi zikawa zimejaa huwekwa kwenye kanzidata, na huitwa nafasi inapopatikana. Aliyepangiwa kituo asiripoti wala asiseme lolote anakuwa ameikalia nafasi ambayo mwenzake angekuwa ameshaanza kuifanyia kazi.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Mhasibu mmoja anaishi Dodoma na familia yake. Ameomba nafasi ya mhasibu mwandamizi katika kampuni ya Mwanza inayosindika sangara na kuwauza Ulaya. Amefanyiwa usaili, na Jumatatu tarehe 12 Mei 2025 barua imemfikia kwa barua pepe: amepata, na anatakiwa kujibu kabla ya Ijumaa jioni. Amekaa na mumewe siku mbili wakipiga hesabu. Ana sababu tatu za kutokwenda. Mume hawezi kuhama kazini kwake, mshahara umezidi wa sasa kwa kiasi ambacho kodi ya nyumba ya pili Mwanza ingekimeza chote, na siku ya usaili aliwekwa kwenye benchi saa tatu bila mtu kumwambia kinachoendelea.

Kabla ya barua yoyote, anatakiwa kujiuliza swali moja: je, mshahara ungeongezwa, ningekwenda? Kama jibu ni ndiyo, basi huyu hajafika kwenye kukataa. Bado yuko kwenye mazungumzo, na mazungumzo yana njia yake. Kutumia barua ya kukataa kama ndoano ya kuvutia nyongeza ni kosa ambalo waajiri hulitambua haraka, na hawalisahau.

Hata mazungumzo yenyewe yana mtego wa kisheria ambao wengi hawaujui. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kukubali ofa ni lazima kuwe kamili na kusiwe na masharti. Ukimjibu mwajiri "nakubali, ila mshahara uwe milioni mbili na nusu", hukukubali. Umeweka pendekezo lako mwenyewe mezani, na lile la kwanza limeondoka. Mahakama ya Uingereza iliamua hivyo mwaka 1840 katika kesi ya Hyde na Wrench. Wrench alitaka kuuza shamba lake kwa pauni 1,000, Hyde akasema atatoa 950. Alipokataliwa akarudi na kusema sawa, nachukua kwa 1,000, na mahakama ikasema hakuna tena ofa ya kukubali. Mhasibu wetu angetaka kupima maji, angeuliza kwa namna ya swali: "Je, kuna nafasi ya kuangalia upya kiwango cha mshahara?" Swali haliiui ofa. Sharti linaiua.

Yeye lakini amejiuliza na jibu ni hapana. Hata wakiongeza, familia haihami. Sasa anaweza kuandika.

Hata hivyo mtu wa kwanza kuambiwa si kampuni. Nafasi ile aliisikia kwa mwalimu wake wa zamani wa chuo, ambaye alimpigia simu mkurugenzi wa fedha na kumtaja kwa jina. Kwetu kazi nyingi hupatikana hivi, na mtu aliyekushika mkono ameweka heshima yake rehani kwa ajili yako. Akisikia kutoka kwa mkurugenzi kwamba "yule mtu wako amekataa", ataaibika mbele ya rafiki yake, na safari nyingine hatakutaja tena. Simu yenyewe ni ya dakika tatu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Mwanza wamekujibu?"

"Wamejibu, mwalimu, nimepata, na nakushukuru sana. Ila tumekaa na baba watoto tumeona kuhama haitawezekana. Leo mchana nitawaandikia. Nikaona nisitangulie kwao kabla sijakwambia wewe."

Mwalimu anaweza kukasirika kidogo, anaweza kushauri vingine. Vyovyote iwavyo, hatashtukizwa.

Baada ya hapo, simu kwa meneja rasilimali watu. Barua ndiyo rekodi, lakini simu ndiyo adabu, hasa kama mlionana uso kwa uso kwenye usaili. Maneno yawe machache na uamuzi utamkwe ndani ya nusu dakika ya kwanza, ukiahidi kwamba maandishi yanafuata siku hiyohiyo. Meneja asipopokea, usisubiri kesho ukimtafuta. Tuma barua.

Barua ya kazi imeandikwa Kiingereza, kama zilivyo nyingi za kampuni binafsi, na wenye hisa walioko Ulaya watalisoma faili. Jibu liende kwa lugha ya barua uliyoandikiwa. Lakini ninamshauri yeyote ambaye Kiingereza si lugha anayowazia aanze na Kiswahili, aone kama anachosema kimenyooka, kisha ndipo atafsiri. Mhasibu wetu ameandika hivi:

Dodoma, 14 Mei 2025

YAH: NAFASI YA MHASIBU MWANDAMIZI, MWANZA

Ndugu Meneja Rasilimali Watu,

Nashukuru kwa barua yenu ya tarehe 12 Mei 2025 ya kunipa nafasi ya Mhasibu Mwandamizi. Baada ya kutafakari na kushauriana na familia yangu, nimeamua kutoipokea nafasi hii.

Uamuzi huu haukuwa mwepesi. Kwa sasa familia yangu haiwezi kuondoka Dodoma, na kazi hii inahitaji mtu atakayekuwa Mwanza muda wote. Ninaandika mapema ili muweze kuendelea na mwombaji mwingine bila kuchelewa.

Nawashukuru kwa muda mlionipa kwenye usaili, na hasa kwa maelezo ya Mkurugenzi wa Fedha kuhusu namna kampuni inavyofuatilia gharama za samaki kuanzia mwaloni hadi kwenye ghala la baridi. Nilijifunza mengi.

Nawatakia kila la heri katika kumpata mtu wa nafasi hii, na natumaini tutaendelea kuwasiliana.

Wenu mwaminifu,

(saini na jina)

Na hii ndiyo aliyoituma kwa Kiingereza:

Dodoma, 14 May 2025

RE: SENIOR ACCOUNTANT, MWANZA

Dear Human Resources Manager,

Thank you for your letter of 12 May 2025 offering me the position of Senior Accountant. After careful thought and discussion with my family, I have decided not to accept the offer.

This was not an easy decision. My family cannot leave Dodoma at present, and the position needs someone who will be in Mwanza full time. I am writing early so that you can proceed with another candidate without delay.

I am grateful for the time you gave me at the interview, and in particular for the Finance Director's explanation of how the company tracks the cost of its fish from the landing site to the cold store. I learned a great deal.

I wish you every success in filling the position, and I hope we can stay in touch.

Yours faithfully,

Barua ni fupi, na ufupi huo umefanyiwa kazi. Uamuzi uko kwenye sentensi ya pili. Msomaji hahitaji kupita kwenye aya mbili za shukrani akijiuliza mwisho wake nini. Sisi tumezoea kukataa kwa kuzunguka. Mtu akikualika na huwezi kwenda, unasema "tutaangalia", "Mungu akijalia", na mwenyeji anaelewa. Mezani kwa meneja wa ajira maneno hayo hayaeleweki hivyo. "Kwa sasa naona itakuwa vigumu kidogo" yeye huisoma kama mlango wa mazungumzo, anakupigia tena na pesa zaidi, na unalazimika kukataa mara ya pili, safari hii kwa aibu. Ndiyo maana kitenzi cha kukataa lazima kiwepo, kimoja, kisichopindika: nimeamua kutoipokea.

Angalia sababu. Alikuwa nazo tatu, ameandika moja. Hakudanganya, kwa kuwa ile ya familia ni ya kweli na peke yake ingetosha. Mshahara hakuutaja kwa sababu hataki kuujadili. Benchi hakulitaja kwa sababu barua ya kukataa kazi si mahali pa malalamiko: itakaa kwenye faili miaka mingi, na atakayeifungua baadaye hatajua kama siku ile umeme ulikatika au mjumbe wa jopo alichelewa. Kama kweli anataka kampuni ijue, asubiri aulizwe, au amwambie mwalimu wake, ambaye atajua namna ya kulifikisha. Kuna wanaoona usalama uko kwenye kubuni sababu, ugonjwa wa mzazi kwa mfano. Sekta nyingi ni ndogo mno kwa uongo wa aina hiyo. Wiki tatu baadaye mtaonana kwenye semina ya wahasibu na mzazi yule yule amekaa kando yako.

Yale maneno "kwa sasa" nayo yamewekwa kwa makusudi. Familia inaweza kuhama miaka miwili ijayo. Kama wewe hutakwenda hata iweje, yaondoe, maana yanampa mwenzako tumaini asilostahili kubeba.

Sentensi ninayoipenda kuliko zote ni ile ya mwaloni na ghala la baridi. Shukrani za jumla kila mtu anaziandika, na macho huziruka. Kitu kimoja mahususi alichokisikia chumbani mle kinamwambia mkurugenzi kwamba huyu mtu alisikiliza. Nafasi imekataliwa, lakini mkurugenzi atamkumbuka kwa swali la gharama za samaki na si kwa kukataa kwake. Kama hukumbuki lolote la namna hiyo kutoka kwenye usaili wako, shukuru kwa kifupi uendelee. Sifa za kubuni husikika.

Upande wa tafsiri, kazi kubwa ni kujua cha kuacha. Barua za Kiswahili za ofisini zina mapambo yake: "husika na kichwa cha habari hapo juu", "nachukua fursa hii adhimu", "kwa heshima na taadhima". Yakihamishwa neno kwa neno kwenda Kiingereza huwa mazito na ya kizamani, na msomaji wa Ulaya anaweza kudhani unamkejeli. Yaache yote. Heshima katika Kiingereza cha ofisini hubebwa na shukrani ya wazi mwanzoni na utulivu wa sentensi. Samahani vilevile. Katika Kiswahili mtu anaweza kuomba radhi mara mbili tatu na ikaonekana ni malezi mema. Kwa Kiingereza samahani zikirudiwa hufanya ionekane umemkosea mwajiri, na hujamkosea, maana alikuuliza na wewe umejibu ndani ya muda. Katika barua yetu hakuna hata moja, kwa sababu kasi ya jibu imeshafanya kazi hiyo. Mwisho wa barua nao una kanuni yake ndogo: maneno ya kuagana unayoyaona hapo juu hutumika pale unapomwandikia mtu kwa cheo chake bila jina. Ukimtaja kwa jina mwanzoni, unaagana kwa "Yours sincerely".

Itume kama jibu la barua pepe ileile uliyoletewa kazi, isianze uzi mpya, ili kila aliyenakiliwa aione. Na ibaki hivyo. Usiweke kwenye hali ya WhatsApp kwamba umekataa kazi Mwanza, hata bila kutaja kampuni. Mji una watu.

Haya yote ni kwa mtu ambaye hajasaini. Aliyekwisha kusaini mkataba kisha akabadili mawazo yuko kwenye jambo jingine, na barua hii haimtoshi. Asome kwanza kipengele cha notisi kwenye mkataba wake. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 7 kwa mkataba unaovunjwa ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi, na siku 28 baada ya hapo kwa anayelipwa kwa mwezi. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, aliye kwenye kipindi cha majaribio hutoa notisi isiyopungua siku 7. Kama kampuni ilikwishakulipia vipimo vya afya au tiketi ya safari, uliza wewe mwenyewe kuhusu kurudisha kabla hujaulizwa. Hapo uhusiano unaweza kupona, lakini hupona polepole.

Turudi kwa mhasibu. Alhamisi meneja amemjibu. Jibu lenyewe linastahili kusomwa vizuri, kwa sababu linaonyesha kama mlango uko wazi. "Tumepokea barua yako, tunakutakia mafanikio" ni adabu ya kawaida, hainuki vibaya wala vizuri. Lakini meneja wake ameongeza mstari: "Kama unamfahamu mhasibu mwingine mwenye uzoefu wa viwanda, tutashukuru ukitutajia." Mwajiri aliyekasirika haombi hivyo. Huyu bado anaiamini akili yake.

Akijibu ombi hilo vizuri, atakuwa ameutunza uhusiano kuliko kwa salamu mia. Kwanza ampigie anayemfikiria na kuomba ridhaa yake, kwani jina la mtu halipelekwi popote bila yeye kujua, hasa kama bosi wake wa sasa hajui kuwa anatafuta. Kisha aandike mistari minne: walifanya kazi wapi pamoja, kwa muda gani, mtu huyo ni hodari wa nini, na nini yeye hakukishuhudia. Hicho cha mwisho ndicho wengi hukiacha, nacho ndicho kinachofanya maneno mengine yaaminike. Kama hamjui mtu anayefaa, aseme hamjui. Kumpeleka binamu ambaye hajawahi kufunga hesabu za mwezi ni kuharibu kwa mkono mmoja kilichojengwa kwa mwingine.

Baada ya hapo, nafasi. Mwandikie tena baada ya miezi mitatu au minne, ukiwa na jambo la kusema: umesoma kampuni imefungua kiwanda cha pili, au kumetoka waraka wa kodi unaowagusa wasindikaji wa samaki. Salamu ya Idi au Krismasi yenye jina lake ndani inatosha kwa mwaka. Picha ya maua yenye "Ijumaa karimu" inayotumwa kwa watu mia mbili kila wiki humfanya azime arifa zako. Asipojibu mara mbili mfululizo, acha hadi mkutane. Mkikutana, kwenye semina au uwanja wa ndege, usirudie habari ya kukataa wala usiombe radhi. Muulize kazi inaendaje, na umuulize kuhusu aliyechukua nafasi ile kama mtu unayemtakia mema.

Na mambo yakibadilika, mume akahamishiwa Mwanza kweli, asisubiri tangazo gazetini. Amwandikie meneja moja kwa moja, ataje mwaka na nafasi ili asimlazimishe kukumbuka, aseme kilichobadilika, na aulize swali ambalo linajibika kwa sentensi moja: "Mwaka 2025 mlinipa nafasi ya Mhasibu Mwandamizi nikashindwa kuipokea kwa sababu familia yangu ilikuwa Dodoma. Kuanzia Januari tutakuwa Mwanza. Je, mnatarajia nafasi yoyote kwenye idara ya fedha mwaka huu?" Nakala aipeleke kwa mwalimu, lakini baada ya kumpigia simu kwanza.